Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazijashuka: kusoma jedwali na grafu bila kuandika uongo kwenye notisi

Katika vitabu vya uchumi, sura ya mfumuko wa bei ndiyo inayoangusha wasomaji wengi, na si kwa sababu hesabu zake ni ngumu. Jedwali lake hubeba vitu viwili vinavyofanana majina na kutofautiana tabia: kiwango cha bei, na kasi ya bei kupanda. Ukivichanganya, kila sentensi utakayoandika itakuwa na tarakimu sahihi na maana potofu.

Chukua takwimu halisi za Marekani, ambazo vitabu vingi huzitumia:

| Mwaka | Fahirisi ya bei za mlaji (1982–84 = 100) | Mfumuko wa bei (%) |
|---|---|---|
| 2020 | 258.8 | – |
| 2021 | 271.0 | 4.7 |
| 2022 | 292.7 | 8.0 |
| 2023 | 304.7 | 4.1 |
| 2024 | 313.7 | 2.9 |

*Wastani wa mwaka.*

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, soma maandishi yanayolizunguka jedwali: kichwa, vichwa vya safu, mabano, na tanbihi ya chini. Hapa mabano yanasema 1982–84 = 100, yaani bei za kipindi hicho zimepewa thamani ya 100 na nyingine zote zinalinganishwa nazo. Kwa hiyo 313.7 si pesa, wala si kwamba bei zimepanda kwa asilimia 313.7. Zimepanda kwa asilimia 213.7 tangu kipindi cha msingi, maana ile 100 ya mwanzo haihesabiwi kama ongezeko.

Tanbihi nayo ina kazi yake. "Wastani wa mwaka" maana yake miezi yote 12 imejumlishwa na kugawanywa. Huenda ukurasa mwingine ukakuambia kwamba mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwaka 2022, nawe ukadhani kitabu kimejikanganya. Hakijajikanganya. Ile 9.1 inalinganisha Juni 2022 na Juni 2021, na 8.0 inalinganisha mwaka mzima na mwaka mzima. Ukiandika mojawapo kwenye notisi, andika na kipimo chake, la sivyo wiki mbili baadaye hutajua ipi ni ipi.

Sasa tazama safu ya mwisho: 8.0, kisha 4.1, kisha 2.9. Mkono unawasha kuandika "bei zilishuka baada ya 2022". Rudi safu ya katikati: 292.7, 304.7, 313.7. Bei zilipanda kila mwaka, bila kukosa. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 80 kwa saa likipunguza hadi 40, bado linasonga mbele.

Kipimo cha haraka ni sifuri. Maadamu kiwango cha mfumuko wa bei kiko juu ya sifuri, bei zinapanda, hata kama mstari wa grafu unaporomoka kama maji. Bei hushuka pale tu kiwango kinapoingia kwenye hasi, kama Marekani mwaka 2009, wastani wa mwaka ulipokuwa -0.4. Kwa hiyo ukiona grafu yenye mstari unaoteremka, usianze na mstari. Anza na maandishi ya mhimili wa wima. Mhimili ukisema "fahirisi", mteremko ni bei kushuka. Ukisema "asilimia ya mabadiliko kwa mwaka", mteremko ni bei kupanda polepole zaidi. Umbo ni lilelile, habari mbili tofauti kabisa.

Ukiwa hapohapo kwenye mhimili wa wima, angalia unaanzia wapi. Tuseme kitabu kimechora nguzo za fahirisi na mhimili ukaanzia 250. Nguzo ya 2020 itakuwa na urefu wa 8.8 juu ya msingi, na ya 2024 urefu wa 63.7. Jicho litaona mara saba na zaidi, ilhali ongezeko la kweli ni asilimia 21 hivi. Kwenye grafu ya mstari kukata mhimili kunavumilika, kwa kuwa tunasoma mwinamo. Kwenye nguzo, tunasoma urefu, na urefu uliokatwa unadanganya. Dawa ni kuisoma tarakimu na kukokotoa, usikadirie kwa macho.

Kosa linalofuata hutokea kwenye neno moja dogo: "kwa". Mfumuko ulitoka asilimia 8.0 ukafika 4.1. Wengi huandika "ulipungua kwa asilimia 3.9". Lakini asilimia 3.9 ya 8.0 ni 0.3 tu, na sentensi hiyo ingeuacha mfumuko kwenye 7.7. Tofauti kati ya asilimia moja na nyingine huitwa pointi za asilimia: ulipungua kwa pointi 3.9 za asilimia. Ukitaka kusema kwa asilimia, gawanya 3.9 kwa 8.0, upate karibu asilimia 49, yaani takriban nusu. Kauli zote mbili ni sahihi. Mimi napendelea kuandika "kutoka 8.0 hadi 4.1" na kuachia hapo, kwa sababu "kutoka" na "hadi" hazina utata.

Halafu kuna ongezeko la miaka yote minne. Ukijumlisha 4.7, 8.0, 4.1 na 2.9 utapata 19.7, na si jibu. Kila mwaka unapanda juu ya bei zilizokwisha kupanda mwaka uliotangulia. Tumia fahirisi: 313.7 toa 258.8 ni 54.9, gawanya kwa 258.8, zidisha kwa 100, unapata asilimia 21.2. Na usiandike "zilipanda kwa 54.9" ukanyamaza, hizo ni pointi za fahirisi, si asilimia.

Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa 2023 na 2024 utapata 9.0 ÷ 304.7, ambayo ni 2.95, na ukiikadiria kwa desimali moja inakuwa 3.0. Jedwali linasema 2.9. Usipoteze jioni ukitafuta kosa: fahirisi zimekadiriwa kabla ya kuchapishwa, na kiwango kimekokotolewa kwa tarakimu kamili. Tofauti ya 0.1 ni ya kawaida. Tofauti ya 1 au zaidi ndiyo ishara kwamba umesoma safu au mwaka usio wenyewe.

Notisi ya jedwali hili inaweza kuwa fupi hivi:

"Marekani, 2020–2024, wastani wa mwaka. Bei za mlaji zilipanda kila mwaka. Fahirisi ilitoka 258.8 hadi 313.7 (1982–84 = 100), ongezeko la asilimia 21.2. Kasi ya kupanda ilifikia kilele 2022 (asilimia 8.0), kisha ikapungua hadi 2.9 mwaka 2024. Bei hazikushuka."

Kila sentensi ina kinachopimwa, mwelekeo, na tarakimu zake pamoja na kipimo na muda. Sababu hazimo, kwa kuwa jedwali halina sababu. Kama mwandishi wa sura ametaja vita, viwango vya riba au usafirishaji, ziandike mstari wa chini ukianza na "Mwandishi anaeleza kwamba", pamoja na namba ya ukurasa.