Jua la Kigoma Halitoki Majini: kwa anayeanza kutunga shairi la alfajiri ziwani

Wanaoanza kutunga kuhusu mitumbwi ya alfajiri hufungua wengi wao kwa mshororo kama huu:

*Jua latoka majini, bahari yameremeta*

Mizani ni 16, nane kwa nane, na vina vimekaa. Kosa liko kwenye jua. Bagamoyo jua hutoka majini kweli. Kigoma iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua huchomoza nyuma ya mji, juu ya vilima, na huzama ng'ambo, upande wa Kongo. Alfajiri mwanga hugusa kwanza milima ya Kongo, huku mchanga wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma wanakoshushia samaki, ungali kivulini. Anza hapo:

*Kivuli ki mchangani, Kongo milima yawaka*
*Taa zazimwa majini, mitumbwi pacha yafika*
*Dagaa wamo ndooni, bei haijatajika*
*Mama papo ufukweni, beseni chini aweka*

Hesabu kwa kidole. "Mchangani" ina silabi nne, kwa sababu ile m husimama peke yake: m-cha-nga-ni. "Zazimwa" ina tatu tu, maana "mwa" ni silabi moja. Wengi hukosea hapa, kisha hubandika neno la kujazia, na picha ya kadi ya posta huingilia humo humo: "meremeta", "pendeza", "kwa madaha". Mizani ikipungua, tafuta kitu kilichopo mwaloni, usitafute sifa.

Tazama mshororo wa pili. Mitumbwi ni pacha kwa sababu wavuvi wengi wa dagaa hufunga miwili pamoja kwa miti, wakashusha wavu katikati, chini ya taa. Taa huvuta dagaa pale tu usiku ukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hupotea na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo ukiweka mwezi mpevu kwenye ubeti wa kwanza na ndoo zilizojaa kwenye wa pili, msomaji wa Ujiji atakushika palepale.

Wa tatu ndio moyo wa ubeti. Ndoo imejaa, lakini bei haijatajwa, na mama ameshatua beseni. Hakuna neno la hisia hata moja, ila wasiwasi upo. Ukiongeza "kwa huzuni" au "kwa furaha" umemwamulia msomaji, tena kabla ya mnunuzi na mvuvi hawajaelewana.

Kina cha -ka ni rahisi, maana vitenzi vingi huishia hivyo. Ndiyo maana ni hatari: ukifika ubeti wa nne utajikuta unalazimisha "-ika" kwenye kila kitenzi. Badilisha vina vya mwisho kila ubeti, ubakishe -ni ya kati iwe uzi wa shairi zima. Ubeti wa pili upeleke kwenye chanja wanakoanikwa dagaa. Dagaa wabichi wakikosa jua kwa mvua huanza kuoza, basi wingu dogo juu ya vilima litatosha kuuendesha.