Au, ikiwa, na ikiwa tu: kwa wanaoanza kuandika mikataba

Mwenzangu unayeanza kazi hii, nikupe sentensi moja iliyonifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Ilikuwa kwenye mkataba wa upangaji, nyumba ya vyumba viwili, dhamana shilingi 400,000. Niliiandika mwenyewe: "Dhamana itarudishwa ikiwa mpangaji atatoa taarifa ya siku 30 kabla ya kuhama."

Mkataba huo ulitumika kwa nyumba kadhaa za mwenye nyumba mmoja, na ndani ya miezi michache walihama wapangaji wawili. Wa kwanza alitoa taarifa yake ya siku 30 bila kasoro, lakini aliacha sinki lenye ufa na mlango umeng'oka bawaba. Wa pili alipata uhamisho wa ghafla kazini, akatoa taarifa ya siku 12 tu, ila nyumba aliiacha inang'aa. Mwenye nyumba akakataa kuwarudishia wote wawili. Wote wawili wakaja ofisini na mkataba mkononi, wakaweka kidole kwenye sentensi ileile.

Tuanze na wa kwanza. Sentensi inasema akitoa taarifa, dhamana inarudi. Ametoa. Hakuna neno lolote pale kuhusu sinki. Kwa maandishi yalivyo, anadai haki yake. Wa pili hoja yake ni nyembamba zaidi, lakini ina uzito: "Mmeandika nitarudishiwa nikitoa taarifa. Hamkuandika kwamba nisipotoa sirudishiwi." Nilipomsikia nilidhani anacheza na maneno. Baadaye nilikaa na karatasi nikaona anasema kweli: kuhusu mtu asiyetoa taarifa, sentensi yangu ilikuwa kimya.

Karatasi yenyewe ni hii, na naomba uizoee kwa sababu utaitumia kila siku. Kuna mambo mawili tu: ametoa taarifa au hakutoa, amerudishiwa au hakurudishiwa. Ukiyachanganya unapata hali nne. Sasa uliza, katika kila hali, je, mkataba umevunjwa? Sentensi yenye "ikiwa" inavunjwa katika hali moja pekee: ametoa taarifa na hakurudishiwa. Hali nyingine tatu zote inaziruhusu, pamoja na ile ya mtu asiyetoa taarifa lakini akarudishiwa.

Mwenye nyumba aliposikia hivyo akaniambia niongeze "tu". Nikaandika: "Dhamana itarudishwa ikiwa tu mpangaji atatoa taarifa ya siku 30." Angalia kilichotokea. Sentensi hii sasa inavunjwa katika hali moja nyingine kabisa: hakutoa taarifa na amerudishiwa. Yule aliyetoa taarifa na kunyimwa pesa? Ukiisoma kwa ukali, haijamwahidi chochote. Imesema taarifa ni lazima; haijasema taarifa inatosha. Ni kama kusema mtu anaingia uwanjani ikiwa tu ana tiketi. Bila tiketi haingii, lakini mwenye tiketi aliyelewa na kufanya fujo mlangoni naye anaweza kuzuiwa.

Ukitaka sentensi ivunjwe katika hali zote mbili, yaani atakayetoa taarifa arudishiwe na asiyetoa asirudishiwe, unahitaji sharti la pande mbili. Wanahisabati huandika "ikiwa na ikiwa tu". Kwenye mkataba wa mpangaji sipendi kulitumia neno hilo, kwa sababu msomaji hupita juu yake akidhani mwandishi amejirudia. Andika sentensi mbili: akitoa taarifa dhamana itarudishwa, asipotoa haitarudishwa. Ni ndefu zaidi, lakini mpangaji, mwenye nyumba na hakimu wote wataisoma sawa.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida sharti la pande mbili tunalisikia bila kuambiwa. Mama akimwambia mtoto "Ukimaliza kuosha vyombo nitakupa mia tano", mtoto anajua kabisa kwamba vyombo vikibaki, mia tano hakuna. Hakuna aliyemwambia hivyo. Amekisia kwa sababu mama asingekuwa na haja ya kutaja vyombo kama pesa ingetoka vyovyote. Mwenye nyumba naye aliisoma sentensi yangu kwa sikio hilohilo, na wala hakuwa mjinga. Hata mahakama hutumia kisio la namna hiyo: kutajwa kwa sharti moja kunaweza kuchukuliwa kama kufuta mengine. Lakini mahakama hiyohiyo ina kanuni nyingine, kwamba penye utata wa kweli maneno husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Usiingie mahali ambapo kanuni mbili zinavutana, na aliyeandika ni wewe.

Sasa tuje kwenye "au", ambayo wengi huiona nyepesi.

Ziko "au" mbili. Moja ni ya kujumuisha: hiki, au kile, au vyote viwili. Nyingine ni ya kutenga: kimoja tu, si vyote. Walatini walikuwa na maneno mawili, vel na aut, na ile alama ∨ ya kwenye vitabu vya mantiki inatokana na herufi ya kwanza ya vel. Kiswahili chetu kina "au" na "ama", lakini havikugawana kazi hivyo. "Utakunywa chai au kahawa?" ni ya kutenga, hakuna anayejibu "vyote". "Kuna mwenye kalamu au penseli?" ni ya kujumuisha, mwenye vyote viwili hanyamazi. Tunatofautisha kwa sauti, kwa mazingira, kwa kumjua anayeuliza. Karatasi haina sauti.

Watunga sheria wanalijua hili. Soma vifungu vya adhabu uone: faini, au kifungo, "au vyote kwa pamoja". Kama "au" ingekuwa inatosha kubeba maana ya kujumuisha, maneno hayo manne ya mwisho yasingehitajika. Yamewekwa ili hakimu asibaki akijiuliza kama anaruhusiwa kutoa adhabu zote mbili. Tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, maneno madogo kama haya yanazidi kubeba mzigo mkubwa katika lugha yetu wenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kujumuisha, ongeza "au vyote viwili". Ukitaka kutenga, andika "moja tu kati ya haya", kisha umtaje anayechagua. Hapo pa kuchagua ndipo wengi huteleza. "Kodi italipwa kwa miezi 6 au miezi 12" ni ya kutenga bila ubishi, lakini ni nani mwenye neno la mwisho? Mpangaji atasema ni yeye, mwenye nyumba atasema ni yeye, na sentensi haimkatalii yeyote.

Epuka "aidha" kwa maana ya "ama". Katika Kiswahili sanifu "aidha" ni "zaidi ya hayo", na msomaji mmoja atakuelewa hivi na mwingine vile. Epuka pia "na/au". Niliwahi kusoma "kodi itapokelewa na mwenye nyumba na/au wakala". Mpangaji akimlipa wakala, wakala akatoweka, amelipa au hajalipa? Mkwaju ule mdogo haujibu.

Kwenye makatazo "au" na "na" hubadilika tabia. "Haruhusiwi kufuga mbwa na kuku": mtu mwenye mbwa peke yake anaweza kusema kilichokatazwa ni kuvifuga pamoja. "Haruhusiwi kufuga mbwa au kuku" ni salama zaidi, kwa kuwa kukana "hiki au kile" ni kukana vyote. Lakini sisi tuna neno lililo bora kuliko yote hayo, nalo ni "wala". Hafugi mbwa wala kuku. Sijaona mtu akilibishia.

Tahadhari moja kwa mnaohamisha masharti kwenda kwenye Excel. Ofisini tulikuwa na punguzo tatu: la aliyelipa mwaka mzima, la mpangaji anayerudi, na la aliyeleta mpangaji mwingine. Kanuni ilisema kila mmoja anapata moja tu. Mwenzetu akaweka fomula ya kukagua:

```
=XOR(B2:D2)
```

Kwa vitu viwili, XOR ni ile "au" ya kutenga. Kwa vitatu si hivyo tena: inajibu TRUE kila idadi ya TRUE inapokuwa witiri, yaani moja au tatu. Aliyechukua punguzo mbili alinaswa. Aliyechukua zote tatu alipita. Tuligundua tulipolinganisha na risiti. Fomula sahihi inahesabu:

```
=COUNTIF(B2:D2,TRUE)=1
```

Kwenye zile hali nne za mwanzo utaona jambo jingine. Kwa vitu viwili, "au" ya kutenga inakubali pale vinapotofautiana, na sharti la pande mbili linakubali pale vinapolingana. Kimoja ni kinyume kamili cha mwenzake. Ukishaandika sharti la pande mbili, jiulize ni hali zipi linakataza; kama si zile mbili za kutofautiana, umeandika kitu kingine.

Turudi kwa yule wa siku 12. Alikuja na pendekezo la haki: alipe siku 18 zilizobaki. Mkataba ulikuwa na kifungu kingine kwa mwenye kuondoka: "atatoa taarifa ya siku 30 au atalipa kodi ya mwezi mmoja." Hakuwa ametimiza upande wowote, kwa hiyo iwe "au" hii au ile, pendekezo lake halikuwa na mahali pa kukaa. Hili halikuwa kosa la "au". Niliandika machaguo mawili mazima kwa jambo linalopimika kwa siku.

Na ndipo nilipoona kwamba hata sharti la pande mbili nililolisifu lingekuwa baya kwa dhamana. Lingefanya pesa irudi yote au isirudi kabisa: siku 18 zilizopungua zingemeza 400,000, na sinki la shilingi 45,000 lisingekatwa hata senti. Kifungu tunachotumia sasa hakina "ikiwa" hata moja: "Mwenye nyumba atarudisha dhamana ndani ya siku 14 tangu mpangaji kukabidhi funguo, baada ya kukata (a) gharama ya matengenezo yaliyoorodheshwa kwenye fomu ya makabidhiano na kuthibitishwa kwa risiti, na (b) kodi ya kila siku iliyopungua katika siku 30 za taarifa. Hakuna makato mengine yatakayofanyika." Sentensi ile ya mwisho ndiyo "tu" yetu. Yule wa siku 12, kwa kifungu hiki, angekatwa siku 18 na kuondoka na kilichobaki.