Paukwa, pakawa: funzo la hadithi linakaa wapi?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, kaandika hadithi aliyosimuliwa na bibi yake, akaanza na "Paukwa, pakawa" akamalizia "ikiwa njema, njema yetu sote, ikiwa mbaya, mbaya yangu mwenyewe". Mwalimu wake kamkata maksi, eti mwanzo hauna maana na mwisho hauna funzo. Ni kweli hayo maneno hayana maana? Na hadithi isipoandikwa "inatufundisha" ni kosa?*

Marahaba mwanangu. Nianze na maksi maana najua hapo ndipo panapouma. Kama swali la mtihani lilisema "andika hadithi na utaje funzo lake" basi maksi zimeenda kihalali, mtihani una masharti yake. Ila kusema mwanzo hauna maana, hapo mwalimu mwenzangu kateleza.

Chukua hiyo pakawa. Ni kitenzi kizima kabisa, kina pa- ya mahali, -ka- ya kusimulia na -wa ya kuwa, yaani mahali fulani pakatokea kitu kikawepo. Ni ndugu yake palikuwa, na ndugu yake paliondokea ambayo wazee wa pwani wanapenda kufungulia hadithi, "paliondokea mtu na mkewe". Sasa iangalie vizuri hiyo -ka-. Kwa kawaida -ka- haitangulii, inafuata kitendo kingine kilichokwisha kutajwa: alikwenda sokoni akanunua samaki akarudi. Mtu akikukuta umekaa zako akakwambia tu "akanunua samaki" utamuuliza nani huyo, lini, mbona unaanzia katikati. Na neno lenye -ka- ndilo wanalopewa wasikilizaji walitamke! Mtambaji hajasema tukio lolote bado, hadhira tayari imeshaitika kwa kitenzi cha katikati ya hadithi, kama vile hadithi ilishaanza zamani na wao walikuwepo. Mi huwa naona huo ni ufundi mkubwa kwa neno la silabi tatu.

Paukwa yenyewe iko tofauti, hukuti mtu akisema jana tulipaukwa. Watu huiunganisha na kupauka kwa ngozi au kupaua nyumba, mi siwashauri, maana hakuna kinachounganisha ngozi kavu na hadithi zaidi ya herufi. Ichukulie kama hodi. Mtu akiwa mlangoni akapiga hodi hukai ukaichambua, unajua inaomba "karibu", na isipoitikiwa anarudia. Mtambaji naye hivyohivyo, akisikia pakawa ya kinyonge, sauti mbili tatu za watoto wa mbele tu, anarudia paukwa kwa sauti zaidi mpaka chumba kizima kiitike. Ndiyo maana fomula hii ikiandikwa kama sentensi moja ya mtu mmoja, "Paukwa pakawa hapo zamani za kale palikuwa na...", inakufa. Ni sauti mbili, basi iandikwe kwa mistari miwili, Mtambaji: Paukwa! halafu chini yake Hadhira: Pakawa! Pengine mwanao aliziunganisha na mwalimu akaona maneno ya ajabu tu yamekaa mwanzoni.

Sasa tuje kwenye funzo, maana hapa ndipo penye utamu. Watu wengi, hasa waliosikia hadithi Kenya, wanajua paukwa haiishii kwenye pakawa, inaendelea:

Sahani! – Ya mchele.
Giza! – La mwizi.
Kiboko! – Cha mtoto mkorofi.

Kila mahali wana nyongeza zao, wengine kiboko wanampa mtoto mtundu, lakini muundo ni huohuo: mtambaji anataja kitu, hadhira inataja mwenyewe. Kwanza hiyo ni darasa la ngeli la bure kabisa, sahani ya, giza la, kiboko cha, na mtoto wa miaka minne anazipatia bila kufundishwa neno "upatanisho". Pili, sikiliza ni nani anayesema giza ni la mwizi. Sio mtambaji, ni watoto wenyewe. Anayesema kiboko ni cha mtoto mkorofi ni haohao, na wanasema wakicheka. Kila kitu kina mwenyewe na kila tabia ina malipo yake, na hukumu hiyo imeshatoka midomoni mwao kabla sungura hajatokeza masikio. Mtambaji akifika mahali pa mhusika anayeiba usiku hana haja ya kusimama kuhubiri, giza lilishagawiwa mwenyewe.

Upande wa Tanzania utasikia zaidi "Hadithi, hadithi!" na jibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Hii inafanya kazi nyingine. Njoo na kolea ni amri, hadhira inaiamrisha hadithi kama inavyoamrishwa chumvi ikolee kwenye mchuzi, na inauita uongo kwa jina lake bila kuficha. Wameshakubaliana kwamba kinachokuja ni cha kutunga, kwa hiyo samaki akiongea na nyani hakuna wa kunyoosha kidole aseme haiwezekani. Ule mwanzo mrefu wa Unguja nao uko hivyo, "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita". Kijino cha kujengea ukuta! Umeshaambiwa mapema usiulize vipimo. (Na kaondokea ni akaondokea iliyodondosha a- yake, -ka- ileile tena.) Ukishauruhusu uongo kwenye matukio, ukweli unabaki kuutafuta kwenye matendo ya wahusika tu.

Nikupe mfano mmoja uone funzo linavyokaa. Hadithi ya punda wa dobi ilishachapishwa mwaka 1870 kwenye mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Unguja, labda hata bibi yake mwanao anaijua. Kima na papa walikuwa marafiki, kima juu ya mkuyu akimrushia papa matunda majini. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, walipofika katikati ya safari akamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema ungeniambia mapema ningekuja nao, sisi mioyo yetu tunaiacha mitini. Papa akageuza akamrudisha, kima akaruka mtini na kushuka hakushuka. Papa anamwita, twende basi, ndipo kima naye anamsimulia hadithi. Simba alikuwa mgonjwa, sungura akamletea punda wa dobi kwa hila, simba akamrukia lakini nguvu hana, punda akakimbia. Sungura akamfuata akamlaghai tena, punda akarudi, safari hii akauawa. Simba akataka moyo na masikio, kumbe sungura kashavila. Alipoulizwa akajibu huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi mara ya pili? Kima akamalizia kwa kumwambia papa: nawe wataka kunifanya punda wa dobi, nenda zako, hunipati tena, urafiki wetu umekwisha.

Funzo limesemwa na nani hapo? Msimulizi hajatia neno lake. Kalisema kima, akimwambia papa, kwa njia ya hadithi nyingine iliyo ndani ya hadithi. Halikusemwa hata kwa lugha ya funzo, hakuna "tusiwaamini marafiki wabaya", kuna jina tu, punda wa dobi, na mtoto aliyesikiliza ataweza kulitumia kesho mwenzake akimdanganya mara ya pili. Ukibandika chini yake "hadithi hii inatufundisha tuwe waangalifu" hujakosea Kiswahili, ila umesema kidogo kuliko alivyosema kima.

Halafu ndio mwisho. Watu huchanganya miisho miwili. "Wakakaa raha mustarehe" ni mwisho wa wahusika, bado tuko ndani ya hadithi. "Hadithi yangu imeishia hapa, ikiwa njema, njema yetu sote, ikiwa mbaya, mbaya yangu mwenyewe" ni mwisho wa watu waliokaa pale, mtambaji ametoka nje ya hadithi na anaongea nanyi. Na anachofanya ni kugawa: uzuri, pamoja na mnachookota ndani yake, ni wenu na wake, lawama abaki nayo yeye. Fananisha na kitendawili, ambako hadhira inajibu "tega", ikishindwa inadaiwa mji ndipo ipewe jibu. Kule msikilizaji ni mshindani na jibu ni moja, linashikwa na mtegaji. Kwenye hadithi hakuna anayedaiwa mji, na mtambaji haishiki maana aiuze, anaiacha kwenye mikono ya waliokuja nayo tangu pakawa. Ndiyo maana akitaja funzo baada ya kusema "njema yetu sote" anakuwa kama mtu aliyekupa zawadi halafu akaifungua yeye.

"Inatufundisha" basi ni desturi ya daftari, sio ya mkekani. Sio dhambi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi lazima apate pa kuhakikisha kwamba mtoto ameelewa, na mstari mmoja wa mwisho unamrahisishia kusahihisha.

Mwambie mwanao kazi ijayo afanye hivi: mwanzo auandike kwa sauti mbili, mistari miwili. Mwisho wa bibi auache ulivyo, na aangalie asiandike "yetu wote" kama wengi wanavyokosea, ni "yetu sote" maana mwenye kusema yumo ndani ya hao sisi. Akitaka kusema "wema" badala ya "njema" basi inakuwa "wema wetu sote", asichanganye nusu hii na nusu ile. Halafu aruke mstari mmoja, ndipo aandike funzo kama shule inavyotaka, chini kabisa, baada ya mwisho, pale ambapo bibi ameshanyamaza na anayeongea sasa ni mwanafunzi wa darasa la sita.