Kuweka mpira wa mkojo kwa mwanaume: puto lisijazwe mapema

"Kwenye mtihani wa vitendo, kituo cha mpira wa mkojo, mkojo ulitoka nikajaza puto, lakini mtahini akaniandikia kosa kubwa. Kosa ni nini?"

Mkojo kutoka hakuthibitishi kwamba puto limefika kwenye kibofu. Tundu la mkojo liko kwenye ncha, puto liko nyuma yake. Ncha ikiingia tu kibofuni mkojo unatiririka, huku puto likiwa bado ndani ya njia ya mkojo. Ukilijaza hapo unaichana njia, damu inatoka, na baadaye linaweza kubaki kovu linaloibana.

Kwa hiyo mkojo ukitoka, endelea kusukuma taratibu mpaka kwenye njia panda ya mpira, pale unapogawanyika mara mbili, ndipo ujaze maji tasa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira, mara nyingi mililita 10. Mtazame mgonjwa usoni. Akikunja uso au bomba la sindano likiwa gumu, acha, nyonya maji yote, sukuma mpira ndani zaidi. Puto likishajaa, vuta kidogo mpaka likwame, na kama ana govi, lirudishe mahali pake. Likiachwa nyuma huvimba na kubana.

Maelezo yatolewe kabla ya kuvaa glavu tasa: "Baba, nitapitisha mpira mwembamba utoe mkojo. Nitaanza na jeli ya ganzi, tusubiri dakika chache. Utahisi kubanwa na mkojo, ila ukisikia maumivu makali niambie nisimame. Unaridhia?" Kisha subiri ajibu. Wengi huuliza huku tayari wanafungua vifaa.