Tawi la pili au kupanua palepale: niliyojifunza kwa wali na maharage

*"Wakuu, nina mgahawa wa chakula cha mchana Mwenge, mwaka wa tatu sasa. Ikifika saa saba watu wanakosa viti, wengine wanachungulia wanaondoka. Nimepata fremu Sinza, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mkononi nina milioni 12. Nifungue tawi au niboreshe hapa nilipo? Mwenye uzoefu anisaidie."*

Mkuu, nina mgahawa wa aina hiyohiyo Buguruni. Septemba 2023 nilifungua tawi Tabata, Julai 2024 nikalifunga. Nitakueleza kwa hesabu zangu, wewe uweke za kwako.

Nianze na hao wanaochungulia wakaondoka, maana ndio walionidanganya na mimi. Nilipoona watu wanakosa viti nikajiambia wateja wamezidi, nikawatafutie sehemu nyingine. Lakini mteja wa mchana ana saa moja ya mapumziko, na hapandi daladala kwenda kula. Anakula pale anapofika kwa miguu ndani ya dakika tano. Yule aliyekosa kiti Mwenge kesho hatakufuata Sinza, ataingia kwa jirani yako hapohapo Mwenge. Sinza utaanza na watu wapya kabisa, huku wale waliokuwa tayari kukupa hela yao leo umewaacha wakienda. Ni biashara mbili tofauti. Mimi nilizichanganya kwa sababu chakula ni kilekile.

Tabata iliniingia milioni 13: kodi ya miezi sita, masufuria, meza, rangi, leseni yake yenyewe, na mashine yake ya risiti. Kila mwezi kodi ilikuwa laki nne, mishahara ya watu wanne laki tisa, na umeme, maji, taka na bajaji ya kubeba vitu kama laki tatu. Jumla milioni 1.6 kabla hujauza hata sahani moja. Sahani niliuza 3,500. Ukitoa mchele, nyama, mafuta, viungo na gesi inayobaki ni 1,400. Gawanya mwenyewe: ni sahani 1,143 kwa mwezi, yaani 44 kila siku kwa siku 26 za kazi, ili tu milango ibaki wazi.

Baada ya miezi mitano tulifika sahani 57. Kwenye daftari la Tabata hiyo ni faida ya kama laki nne na sabini kwa mwezi, na kweli nilifurahi. Kilichonichelewesha kuelewa ni kwamba madaftari yalikuwa mawili na nilikuwa nayasoma kila moja peke yake.

Buguruni tulikuwa tunauza sahani 150 kwa siku. Nilipofungua Tabata nilimhamisha mpishi wangu mkuu, yule dada anayejua maharage ya nazi yaishie wapi, nikamwachia msaidizi wake jiko la Buguruni. Na mimi asubuhi nilikuwa Tabata. Hakuna mteja aliyelalamika. Walipungua kidogokidogo mpaka sahani 130. Fundi seremala mmoja aliyekuwa anakula kwangu kila siku nilikutana naye barabarani nikamuuliza mbona kapotea. Akacheka: "Dada, wali wako siku hizi unakuja na maji yake." Sahani 20 kwa siku mara 1,400 mara siku 26 ni 728,000. Tabata inaleta laki nne na sabini, Buguruni imepoteza zaidi ya laki saba. Nilikuwa nimetoa milioni 13 ili nipate hasara ya laki mbili na nusu kila mwezi, na kulala saa tano.

Hapo sijaongeza mchele. Kwangu kilo moja ya mchele hutoa sahani saba, nimeipima miaka yote. Tabata nilikuwa napeleka kilo 10 na mauzo yanarudi ya sahani 55 hadi 57, na jioni sufuria liko tupu. Kilo 10 zilitakiwa kutoa 70. Inawezekana mpakuaji ana mkono mzito, inawezekana ndugu na marafiki wanakula, inawezekana hela haifiki kwenye droo. Sikuwahi kujua ni ipi, na sitamshutumu mtu. Ninachojua ni kwamba Buguruni nikiwa nimesimama pale tofauti hiyo haikuwepo. Kama hujawahi kupima kilo moja inatoa sahani ngapi, utafungua tawi ukiwa huna namna ya kujua linavuja.

Na kuna jambo la kodi ambalo sikulifikiria hata kidogo. Mhasibu ninayemlipa kwa mwezi aliniita mwezi wa tisa wa tawi, akanionyesha kwamba kwa TRA mimi ni mtu mmoja mwenye namba moja ya mlipakodi. Mauzo ya maduka yote mawili yanajumlishwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Buguruni peke yake nilikuwa chini. Nikijumlisha Tabata nilikuwa naelekea milioni 204. Ukishaingia huko, kwa kiwango cha wakati ule asilimia 18 inatoka kwenye bei. Sahani ya 3,500 ambayo mteja hatakubali iwe 4,100, ndani yake kodi ni 534. Ile 1,400 yangu inashuka mpaka 866. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anarudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi, ila mimi nanunua mchele, maharage, mchicha na nyama mbichi, vitu ambavyo havina kodi hiyo, kwa hiyo sina cha kudai zaidi ya vitu vidogovidogo. Fanya hesabu ya mauzo yako ya miezi kumi na miwili kabla hujamlipa mwenye fremu. Kama Mwenge pekee uko milioni 150, tawi la milioni 60 linaweza kukugharimu faida ya maduka yote mawili.

Basi nikafunga, nikamrudisha mpishi, na wateja wakaanza kurudi taratibu. Ndipo nikafanya kile nilichotakiwa kufanya mwanzo: nikamweka mpwa wangu mlangoni na daftari, siku kumi za kazi, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane. Kazi yake ilikuwa mbili tu. Ahesabu wanaochungulia na kuondoka, na achague watu watano kila siku awapimie muda kwa simu: ameketi saa ngapi, chakula kimemfikia saa ngapi, ameondoka saa ngapi.

Nina viti 32. Wanaoondoka walikuwa kati ya 25 na 30 kwa siku. Na mteja aliyepata kiti alikikalia dakika 35, ambazo 12 kati yake alikuwa anasubiri chakula. Kaa na hiyo namba kidogo. Dakika 90 za msongamano ukigawa kwa 35, kila kiti kinapata watu wawili na nusu hivi, jumla watu 82. Kusubiri kukishuka hadi dakika nne, mtu anakaa 27, na viti vilevile 32 vinabeba watu 106. Nilikuwa natafuta viti vya watu 25 wakati viti ninavyo, vimekaliwa na watu wasio na sahani mbele yao.

Sababu ya zile dakika 12 ilikuwa moja: mtu mmoja anapakua, anapokea hela, anatafuta chenji, anasubiri ujumbe wa malipo ya simu uingie, kisha ananawa mikono na kurudi kwenye mwiko. Na kila aliyeagiza samaki alisimamisha foleni nzima kwa sababu samaki alikaangwa akishaagizwa.

Tukabadilisha hivi. Mlangoni akakaa dada mmoja, kazi yake hela tu. Unalipa kwanza, unapewa kipande cha plastiki, chekundu wali, cha bluu ugali. Wapakuaji wakawa wawili, mmoja wa wali, mmoja wa ugali, na hakuna anayeshika noti. Samaki wakawa wanakaangwa kwa mafungu kuanzia saa sita na robo na kukaa kwenye hotpoti. Nikaongeza sinki la pili la kunawia na jiko la gesi la ziada, maana wali ulikuwa unaisha saa saba na dakika arobaini wakati watu bado wanaingia. Yote haya yalikula milioni 1.9, na juu yake mshahara mpya wa laki mbili kwa mwezi.

Hatukufika 106. Tulitulia kwenye watu mia na kidogo wakati wa msongamano, na siku nzima tukawa sahani 170. Ongezeko la sahani 20 juu ya zile 150 za zamani ni 728,000 kwa mwezi, toa laki mbili za dada wa mlangoni, inabaki laki tano na kitu. Ndani ya miezi minne hela ilikuwa imerudi. Wateja wa zamani wawili watatu walinuna kulipa kabla ya kula, mzee mmoja akaniambia nimewageuza abiria. Bado anakuja.

Sisemi tawi ni kosa. Kuna mgahawa ninaoujua una matawi matatu na unakwenda vizuri. Ila kwako naona mambo ya kuangalia kabla ya Sinza. La kwanza ni hilo daftari la mlangoni. Kama kusubiri chakula kwako tayari ni dakika tatu nne na bado watu wanaondoka, basi umejaa kweli, na hapo hata fremu ya jirani hapo Mwenge inafaa kuliko Sinza. La pili ni nani atabaki Mwenge. Safiri wiki mbili, zima simu mchana, ukirudi linganisha kilo za mchele na sahani zilizouzwa. Mimi nililazimishwa kujua hili na msiba wa Songea mwaka jana, siku 12. Nilikuta sahani sita na nusu kwa kilo, si mbaya. Dada niliyemwachia mgahawa siku hizo ndiye sasa ninayemfundisha manunuzi.

Na kama Sinza inakuvuta sana, usianze na fremu. Pika Mwenge, funga sahani 30, zipeleke na bodaboda kwenye ofisi na gereji za Sinza kwa mwezi mmoja. Ukishindwa kuuza 30 zinazomfikia mtu mlangoni kwake, zile 44 za kufanya milango ibaki wazi utazitoa wapi? Ukiuza zote na simu zikawa zinaita saa tano asubuhi, mwenye fremu mwambie unalipa miezi mitatu kwanza. Wengi wanakubali fremu ikikaa tupu.