Somo la mashapo: chupa moja, vipindi viwili

Swali: Nafundisha mashapo kwa chupa ya udongo, mchanga, kokoto na maji. Kipindi ni cha dakika 40, lakini kengele hulia maji yakiwa bado tope, na wanafunzi huondoka wakisema kwamba kizito ndicho hutangulia kuzama. Nipangeje somo?

Jibu: Mwalimu, ligawe somo katika siku mbili mfululizo, kwa sababu hilo tope linalokukawiza ni sehemu ya somo lenyewe.

Tafuta chupa angavu ya lita 1 yenye mdomo mpana, afadhali ya plastiki, kwani kokoto huweza kupasua kioo zinapotikiswa. Tia nusu kikombe cha kokoto ndogo, nusu ya mchanga na nusu ya udongo mkavu uliopondwa na kutolewa mizizi, kisha ongeza maji hadi karibu na shingo. Wanafunzi wachore kwanza wanachotarajia kuona. Funga, tikisa kwa dakika 1, weka mezani na usiiguse tena. Kokoto hutua mara tu mkono unapotulia; mchanga mwingi hutua ndani ya dakika moja hivi, na hapo ndipo pa kuchora mstari wa kwanza kwenye chupa.

Sasa lijibu lile dai la uzito. Chembe ya mchanga na kipande cha kokoto huweza kuwa za mawe ya aina moja, zenye msongamano uleule. Kinachozitofautisha ni ukubwa, kwa kuwa kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo ukinzani wa maji unavyoushinda uzito wake. Chembe yenye kipenyo cha milimita 0.1 hushuka sentimita 10 kwa sekunde 12 hivi. Ya milimita 0.01 huhitaji dakika 20 hivi, na ya milimita 0.001 zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana udongo wa mfinyanzi, wenye chembe ndogo kama hizo, hauwezi kutua ndani ya kipindi chako.

Siku ya pili, teka maji ya juu kwa kikombe bila kuvuruga tope. Koroga mchanga na udongo kidogo katika maji pembeni, kisha umimine polepole juu ya mgongo wa kijiko. Usitie kokoto safari hii, kwa sababu zitazama ndani ya tope laini. Mchanga mpya utalala juu ya mfinyanzi wa jana, na mwanafunzi aliyekariri kwamba chembe kubwa hukaa chini daima atalazimika kueleza kwa nini safari hii ziko juu: tabaka la juu limekuja baadaye. Mpaka ukionekana umechanganyika, ulimimina kwa nguvu.

Iwapo maji bado ni tope, chumvi kidogo hufanya chembe za mfinyanzi zigandamane na kutua upesi, lakini ijaribu katika chupa nyingine, maana inabadilisha ukubwa uleule unaoufundisha. Pia usiyaite matabaka hayo mwamba: hayajashindiliwa wala kuunganishwa na madini, na ukitikisa chupa yatapotea yote.