Meseji ya kujitambulisha tu: umjibuje?

Kazi yangu ni kupokea meseji za wasikilizaji redioni. Nyingi zina hoja: mtu anaomba wimbo, analalamikia barabara, anauliza kipindi kinarudiwa lini. Ila kila wiki huingia za aina hii: "Habari. Naitwa Zawadi, nina miaka 24, natoka Newala." Basi. Hakuna ombi wala swali.

Wageni kazini huwa wanakimbilia "Nikusaidie nini?" au, mbaya zaidi, "Sema shida yako." Nawakataza. Kwetu mtu akibisha hodi hukaribishwa kwanza, akaulizwa habari za nyumbani, na neno lililomleta hufuata baadaye kama lipo. Ukimwuliza shida yake kabla hajakaa, anajiona kama yuko dirishani pa ofisi na foleni iko nyuma yake. Huyo hatajibu tena, au atatunga shida ya papo hapo ili asionekane amekusumbua bure. Nimeziona hizo: "Aa, nilitaka kujua tu mko wapi," na anwani yetu tunaitaja hewani kila siku.

Kabla ya kujibu, subiri kidogo. Ukiona bado anaandika, mwache amalize, maana wengine hukata habari vipande vipande, na wengine bando huwakatikia katikati. Zikipita dakika kadhaa kimya, jua salamu ndiyo hiyo.

Sasa mjibu kwa mizani ileile aliyokuja nayo. Yeye ametoa jina, umri na kwao. Nawe mpe jina lako na mahali ulipo, kisha gusa kitu kimoja tu katika alivyosema. Huyu Zawadi mimi ningemwandikia hivi: "Nzuri, Zawadi, karibu sana. Mimi ni Rehema, niko Tanga. Newala nasikia jioni kunapoa vizuri huko juu. Vipi siku hizi, kibaridi kipo?"

Angalia nilichokiacha. Sikuandika "dada" wala "kaka", kwa sababu Zawadi ni jina la wote, na Kiswahili hakinilazimishi kuchagua. Umri sikuugusa kabisa. Ukimwambia mtu wa miaka 24 "bado kijana" au ukamwuliza kama ana familia, umeshaingia chumbani kwake. Na swali ni moja, jepesi, ambalo hata akilipuuza hakuna kilichoharibika. Maswali matatu mfululizo ni fomu ya kujaza.

Mji ndio mlango mzuri kuliko vyote, ila una mtego. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, na korosho ndiyo zao la huko, kwa hiyo kidole kinawasha uandike "Korosho zinaendaje?" Inawezekana ana shamba. Inawezekana pia ni fundi simu asiye na mkorosho hata mmoja, na amechoka kuulizwa. Hali ya hewa, au lile bonde la Shimo la Mungu linalowavuta wageni pembezoni mwa uwanda, ni ya kila mkazi. Kabila usiliguse, kutoka mahali hakumaanishi asili yake ni hapo. Kama mji huujui, usijifanye unaujua. "Huko sijafika, ni upande gani?" inatosha, na watu hupenda kuelekeza kwao.

Umri una kazi yake pale unapobadilisha adabu. Akisema ana miaka 67, anza na "Shikamoo" hata kama yeye ametanguliza "habari", na jina lake usilitaje kavukavu. Akisema ana miaka 14, mkaribishe kwa upole na uishie hapo: usimwulize shule, mtaa wala picha, na usimhamishie kwenye namba yako binafsi. Kama kituo kina mtu wa vipindi vya watoto, mpe habari.

Baada ya jibu, mwache. Akiandika "asante, kipo kweli", mjibu kwa sentensi moja, kisha "Tupo hapa, karibu wakati wowote." Hiyo inamwachia mlango wazi bila kumsukuma. Akinyamaza, usimfuate kesho yake na "mbona kimya?" Wapo wanaotaka tu kujulikana kwamba wapo, waliokulia enzi za kadi za salamu wanaielewa raha ya jina lako kusomwa na mji wako kutajwa. Kwa hao huwa naongeza, "Nikutaje hewani leo?" Namba ya simu yake haisomwi, na umri nao siusomi mpaka aniruhusu.